Naomba ushauri: pembetatu za kijani kwenye malipo ya wachumaji karafuu

Asalam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, naweka kwenye Excel malipo ya wachumaji wetu: C pishi, D bei, E malipo. Safu ya E imetoa pembetatu mbili za kijani. E14 ina `=C13*D14`, yaani kalipwa kwa pishi za mwenzake wa juu. Hilo kosa, nimelirekebisha. E22 ni `=C22*D22-5000`. Tumemkata deni makusudi, nikabonyeza `Ignore Error`.

Kinachonikosesha usingizi ni E30. Pishi 12 kwa 1,500 ni 18,000, lakini mtu kaandika 15000 kwa mkono juu ya fomula, na pembetatu haikutokea! Nikibonyeza `` Ctrl+` `` naiona, ila safu ni ndefu. Nyinyi mnazikamataje namba kama hizi kabla ya kulipa?