Twalipia kifurushi cha 4K, boksi zatupa 480p. Huu ni wizi wa mchana

MzeeWaKisauni

Neno "4K" limenichosha. Limebandikwa kwenye kasha la boksi ya Android, limebandikwa kwenye kioo cha tivi dukani, na limeandikwa kwenye kifurushi cha filamu cha bei ya juu kabisa. Mtu akinunua vyote vitatu ana haki ya kuamini ataona 4K. Anachokiona ni 480p, na katika wauzaji wale watatu hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia.

Nieleze vile wanavyotucheza, maana ukimuuliza muuzaji atakujibu "boksi ni 4K kweli", na hasemi uongo. Tia filamu ya 4K kwenye flashi, chomeka, itacheza vizuri. Lakini huduma ya filamu ya kulipia haitumi picha kabla ya kuiuliza boksi: una Widevine, yaani kufuli la kuzuia filamu isiibiwe, ya daraja gani? Ikijibu L1, maana yake filamu itafunguliwa ndani ya sehemu ya chipu iliyofungwa, ambako mtu hawezi kuidokoa. Ikijibu L3, filamu itafunguliwa na programu tu, na wenye filamu hawaiamini. Kwa hiyo hupewa picha ya chini. Boksi nyingi za bei rahisi ni L3. Na hata zile chache zenye L1, huduma kubwa zina orodha yao ya vifaa walivyovipima wenyewe. Kama boksi yako haimo, huna chako.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Bonyeza kitufe cha Info kwenye rimoti ya tivi. Itakuandikia 3840x2160! Mtu anafurahi. Kumbe tivi inasoma kile kinachopita kwenye waya wa HDMI, na boksi imeshaichukua picha ya 480p ikainyoosha mpaka ikajaa kioo. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi, sufuria itajaa lakini nazi ni ile ile.

Atakaye ukweli na apime. Angalia kihesabu cha data kwenye ruta, cheza filamu saa moja wakati hakuna mwingine nyumbani anayetumia intaneti, kisha angalia tena. 4K yenyewe hula mpaka kama 7 GB kwa saa. Kwangu mimi, tivi ya inchi 55, kifurushi cha juu, faiba ya 40 Mbps, boksi iliyoandikwa "8K" (ndiyo, siku hizi wamefika 8K): saa nzima ilikula chini ya GB moja. Hiyo ni 480p, hata kasha liandikwe 16K.

Nataka kujua: nani arudishe pesa, mwenye duka au mwenye huduma?

Kipwani_99

Hapo ni intaneti, usilaumu boksi. Jioni kila mtu yuko mtandaoni, huduma inashusha picha yenyewe. Halafu nunua waya wa HDMI 2.1, hizo nyaya zinazokuja na boksi ni takataka.

FundiTudor

Kipwani, nusu umepata. Ni kweli intaneti ikipungua huduma hushusha picha, lakini ikirudi hupandisha. Picha inayoyumba, mara safi mara ukungu, ndiyo ya intaneti. Picha iliyoganda pale pale kwenye 480p saa sita usiku, mtaa mzima umelala, hiyo ni boksi kunyimwa ruhusa. Fungua fast.com kwenye brauza ya boksi yenyewe, si kwenye simu. Ukipata 15 Mbps na zaidi bila kuyumba, yatosha kwa 4K. Nyaya za baharini zatua hapa hapa kwetu, si kila kosa tulisukumie intaneti.

Waya wa 2.1 haubadilishi L3 kuwa L1. Kwa filamu za 4K, waya wa 18 Gbps umezidi kutosha. Waya mbovu hukupa kioo cheusi kinachowaka na kuzima, au vidoti vinavyometameta. Haukupi 480p iliyotulia.

Mzee, hakikisha hivi kabla hujaenda kugombana dukani. Weka programu iitwayo DRM Info, tafuta mstari wa Security Level, uone ni L1 au L3. Kisha ingia Play Store, Settings, About, usome kama imeandikwa Device is certified. Boksi nyingi za hapa si Android TV, ni Android ya simu iliyovikwa sura ya tivi. Dalili ni kwamba programu ya filamu hufunguka kama ya simu na rimoti haiielewi, mpaka utumie kipanya.

Na mtu asikudanganye kwamba ataiflashi, yaani aibadilishe programu ya ndani, iwe L1. Ufunguo wa L1 hutiwa kiwandani. Kuflashi kwaweza kuipoteza L1 uliyokuwa nayo, lakini kuileta hakuwezi.

BintiLikoni

Yangu pia inasumbua tangu kusi ianze. Picha inakatika vipande vipande, hasa kukiwa na mvua. Nimelipia mwezi mzima. Hii Widevine naibadilisha wapi kwenye dikoda?

FundiTudor

Dada, yako ni ya dishi, mambo mawili tofauti. Upepo umelisukuma, au kichwa cha dishi kimeingia maji. Mwambie fundi akaze nati za mlingoti na aangalie kutu kwenye kiungio cha waya, chumvi ya bahari huanza hapo. Widevine haihusiki.

BintiLikoni

Lakini kutu ipo kweli. Ahsante.

MamaZuhura_Bamburi

Mzee, tivi yako si smati? Yangu ni smati, na boksi niliichomoa. Ile ile filamu kwenye programu ya ndani ya tivi ikaja na alama ya Ultra HD 4K chini ya jina. Kwenye boksi alama hiyo haikuwepo kabisa. Sasa limebaki jambo moja: sauti. Saundibaa yangu ina Atmos, ile sauti ya Dolby inayokuzunguka mpaka juu, lakini filamu zaandika 5.1 tu, na saundibaa yenyewe yaonyesha PCM.

MzeeWaKisauni

Smati ni smati, lakini ni ya zamani, programu yenyewe imeacha kupokea masasisho. Ndiyo maana nikaambiwa ninunue boksi!

Ila hiyo habari ya alama ni muhimu, watu waisome mara mbili. Alama ya 4K au Atmos hutokea kifaa na kifurushi vyote viwili vikikubalika. Filamu ile ile inayo alama kwenye tivi na haina kwenye boksi? Basi kosa la boksi, kesi imekwisha.

Kipwani_99

Mama Zuhura, Atmos lazima eARC, ile njia mpya ya HDMI ya kutoa sauti kwenye tivi kwenda saundibaa. Kama tivi ina ARC ya kawaida, sahau.

FundiTudor

Hapana, yakhe. eARC yahitajika kwa Atmos ya diski za Blu-ray, ile nzito isiyopunguzwa ubora. Atmos ya huduma za filamu hupakiwa ndani ya Dolby Digital Plus, na hiyo hupita kwenye ARC ya kawaida bila taabu, mradi tivi yenyewe inaikubali Atmos.

Mama Zuhura, kwenye setingi za sauti za tivi tafuta Digital Output. Iko kwenye PCM. Iweke Auto au Pass Through, kulingana na tivi yako ilivyoandika. Kwenye PCM tivi huifungua sauti yenyewe, na kwa ARC hupeleka spika mbili tu, kushoto na kulia. Hakikisha pia waya umeingia kwenye tundu lililoandikwa ARC, pande zote mbili. Kama umetumia ule waya wa mwanga, wa optiko, Atmos haitapita kamwe. Mwisho wake ni 5.1 ya kawaida.

MamaZuhura_Bamburi

Ni HDMI. Nimeweka Pass Through, saundibaa sasa yaandika Dolby Audio, lakini Atmos bado. Kifurushi changu ni cha katikati.

MzeeWaKisauni

Hapo penyewe. Kwenye huduma nyingine Atmos hufungiwa kifurushi cha juu pamoja na 4K. Lakini umesema una alama ya 4K, na kifurushi ni cha katikati? Angalia tena risiti. Ama akaunti ni ya mtu mwingine.

Ngomeni_Mjini

Nyinyi mwapoteza pesa. Chukueni kifurushi cha matangazo, ni nusu bei, picha ni ile ile.

MzeeWaKisauni

Kinapatikana Kenya hicho? Netflix walipoanzisha chao Novemba 2022 ilikuwa nchi 12, na Kenya haikuwamo. Na "picha ni ile ile" si kweli. Kilianza na 720p, kikapandishwa 1080p mwaka 2023. 4K hakuna. Prime Video walipoingiza matangazo Marekani mapema 2024, 4K ilibaki lakini Dolby Vision na Atmos vikabaki kwa wanaolipa zaidi kuondoa matangazo. Mtu aliyekuwa na Atmos jana, leo hana, na bei ni ile ile. Sasa niambie kama hiyo si dharau.

Ngomeni_Mjini

Basi kile cha simu, ukarushie kwenye tivi.

FundiTudor

Cha simu hakirushwi kwenye tivi, ndivyo kilivyotengenezwa, na picha yake ni 480p. Mzee atakuwa amerudi alikotoka.

Kipwani_99

Sawa, nimekubali ya boksi. Lakini jirani ana kijiti cha filamu cha kuchomeka kwenye HDMI, kilichothibitishwa kabisa, L1, Device is certified, na bado apata 1080p. Mwaelezaje?

FundiTudor

Je, kimepitia kigawanyio cha HDMI? Watu wa hapa wapenda kugawa picha, tivi moja sebuleni, moja barazani kwa ajili ya mpira. Kila kifaa kwenye mnyororo lazima kiwe na HDCP 2.2, ile kinga ya HDMI ya kuzuia picha isinakiliwe. Kimoja kikiwa na 1.4, picha yote hushuka. Mwambie achomeke kijiti moja kwa moja kwenye tivi. Na ajaribu tundu jingine, kwani tivi nyingine za 4K za mwanzo zina tundu moja tu lenye 2.2, kwa kawaida limeandikwa pembeni.

Kipwani_99

Kigawanyio kipo. Cha barazani.

MzeeWaKisauni

Nimetoka dukani sasa hivi. DRM Info yasema L3, Play Store yasema haijathibitishwa. Muuzaji asema boksi haina kasoro, yacheza 4K, akaweka flashi akanionyesha. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 yakataza kumpotosha mnunuzi, lakini neno lililo kwenye kasha ni "8K Ultra HD" tu, halikutaja huduma yoyote. Na wenye huduma nao wamejibu: "tafadhali tumia kifaa kinachokubalika", pamoja na orodha ambayo ilipaswa kuwa kando ya bei kabla sijalipa.

Kuna aliyewahi kurudisha boksi kwa sababu hii akarudishiwa hela? Si kubadilishiwa boksi nyingine ya L3. Hela.

Ngomeni_Mjini

Hela? Mombasa hii?