Maji ya viungo yaliyolala na kuku mbichi: nayafanya sosi au namwaga?

Mama Salha
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga. Jumamosi nilichoma kuku wawili wa kisasa, kama kilo tatu kwa pamoja. Nilikuwa nimewalaza usiku kucha kwenye friji na ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi na chumvi. Nilipowatoa, beseni lilibaki na viungo karibu vikombe viwili, vinanukia vizuri mno. Roho ikaniuma kumwaga, nikaviinjika jikoni ili viwe sosi. Vilipoanza kupata moto vikatoa povu la kijivu na vidongevidonge kama maziwa yaliyokatika, na chumvi ilikuwa haimezeki. Mume wangu akakataa kugusa, akasema ni damu ya kuku.

Sasa nina maswali mawili. Kwanza, sosi ile ilikuwa salama? Pili, mama mkwe wangu huwa anachovya burashi kwenye beseni lilelile na kupaka kuku mpaka anapomtoa motoni. Anasema ndivyo kuku anavyopata ladha. Nimwambieje?

Kijana wa Chumbageni
Mafuta ya kukaangia mimi natumia mara tatu tu, dada. Yakishakuwa meusi mwaga.

Mama Salha
Kaka, siulizi mafuta. Nauliza viungo alivyolalia kuku.

Mzee wa Mkaa
Mnajitesa bure. Ukwaju ni mkali, limau ni kali, hakuna mdudu anayeishi humo. Isitoshe moto wa mkaa unaunguza kila kitu. Nimechoma mishkaki miaka ishirini, beseni moja, burashi moja, na wateja wanarudi.

Jiko la Hoteli
Mzee shikamoo. Kuhusu mkaa una haki nusu. Ukipaka kuku akiwa bado ana robo saa motoni, kile ulichopaka kinaiva pamoja na ngozi. Tatizo ni mpako wa mwisho, ule wa kung'arisha kabla ya kutoa. Huo hauivi, unapata joto tu. Kisha burashi ileile inalazwa kwenye sinia la kuku aliyeiva. Na ukwaju haufanyi kazi unayoipa. Ukali unapunguza kasi ya vijidudu kuzaana, ila salmonela ya kwenye kuku inaweza kubaki hai humo usiku mzima.

Mama Salha, nimefanya kazi jiko la hoteli Zanzibar miaka tisa, na kuku wa kupaka tulikuwa tukipika kila siku. Povu la kijivu si uchafu. Ni utomvu wa nyama, ule unaotoka kuku anapolala kwenye chumvi. Ukipata moto unaganda kama ute wa yai. Kwa hiyo sosi ikikatika ujue tu kwamba nyama ilikuwa humo. Usalama wake unategemea kama ulitokota kweli au ulifuka mvuke tu. Wewe uliuacha ukachemka?

Mama Salha
Ulianza kuchemka pembeni, mimi nikazima kwa hofu.

Jiko la Hoteli
Basi mumeo alifanya vizuri kukataa, ingawa sababu yake siyo.

Siku nyingine fanya hivi. Kuku akitoka tu, mimina viungo kwenye sufuria na uongeze kikombe kimoja cha maji, kwa sababu ile chumvi ilipimwa kwa ajili ya kilo tatu za nyama, haikupimwa kwa ajili ya kijiko cha mtu. Moto mkali. Subiri mapovu makubwa yapande katikati ya sufuria, na hata ukikoroga yasitulie. Hapo ndipo uanze kuhesabu. Dakika moja ya mtokoto wa namna hiyo inatosha kwa vijidudu, lakini mimi naacha tano, maana tangawizi na saumu zilizosagwa hukaa chini zikawa nzito na zisipate moto sawasawa. Koroga mpaka kwenye kitako.

Kisha chuja kwa chujio la chai, tupa yale mabonge, na maji yaliyobaki yarudishe motoni yapungue kidogo. Onja sasa, si kabla. Ikikosa utamu weka sukari guru kidogo. Kama unataka tui zito, liweke mwisho kwa moto mdogo, kwa sababu tui na ukwaju vikitokoteshwa pamoja kwa nguvu vinaachana.

Na sosi iliyoiva isirudi kwenye beseni! Nimeona watu wakichemsha vizuri kabisa, halafu wanamimina palepale kuku alipolala. Kazi yote inapotea. Mwiko uliokorogea mwanzo nao uoshe kwa sabuni.

Binti Meru
Mimi niko Arusha, maji huku yanachemka kabla hayajafika mia. Hiyo dakika moja inatutosha?

Jiko la Hoteli
Inatosha. Kwenu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na nyama ya kuku tunaihesabu imeiva salama ikifika 74 kwa ndani. Bado una nafasi.

Mama wa Vitafunio
Na mimi nisaidieni. Juzi nililoweka kuku kwenye mtindi saa nne asubuhi, umeme ukakatika, nikamwacha mezani mpaka saa kumi. Jua la Dar mnalijua. Nikachemsha viungo dakika kumi nzima, tukala. Tumbo liliniuma usiku. Lakini nilichemsha jamani!

Jiko la Hoteli
Pole sana. Tumbo lako siwezi kulisemea, ila kuchemsha kuna mpaka. Vijidudu vingine vikikaa kwenye joto saa nyingi vinatema sumu, na sumu hiyo kijidudu chenyewe kikifa yenyewe inabaki. Hata mtokoto wa nusu saa hauiondoi. Chakula kikikaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja kwenye joto kama lenu, usijaribu kukiokoa. Hapo si viungo tu, hata kuku mwenyewe alikuwa wa kutupa.

Na mtindi kwangu si wa kufanyia sosi hata ungekuwa kwenye friji. Ukichemka unakuwa maji na chengachenga. Unaweza kuula, lakini nani atautaka?

Mzee wa Mkaa
Sawa mtaalamu. Sasa mishkaki ikose kupakwa iwe mikavu?

Jiko la Hoteli
Ipakwe, mzee wangu. Kabla nyama haijaingia kwenye viungo, chota kikombe kimoja uweke pembeni kwenye bakuli lenye mfuniko. Hicho ndicho cha kupakia mwishoni na cha kuchovea, na hakihitaji kuchemshwa. Kile cha beseni kitumie mwanzoni tu, nyama ikiwa bado mbichi, kwa burashi yake. Ukigeuza mara ya mwisho, badilisha bakuli na burashi vyote viwili. Wanaotumia bua la mchaichai lililopondwa wachukue jipya, lile la kwanza limeshanyonya.

Mzee wa Mkaa
Kikombe cha pembeni nakubali. Burashi mbili, wateja wakiwa kumi wamesimama na moto unawaka, njoo uone mwenyewe.

Binti Meru
Mimi namwaga tu. Ukwaju ni bei gani mpaka nichemshe na kuchuja?

Mama Salha
Asanteni. Ya sosi nimeelewa. Ya mama mkwe bado, nikimpokonya burashi nitaonekana najifanya najua. Nafikiria Jumapili nichote kikombe mapema, nimpelekee na burashi mpya niseme hii ndiyo ya kung'arishia. Kuna aliyejaribu kwa mkwe wake?

Mama wa Vitafunio
Wangu aliichukua burashi mpya, akaichovya kwenye beseni la zamani.

Jiko la Hoteli
Basi beseni liondoke kabla burashi haijafika.