Sauti imekwaruza miezi miwili, na nasikia baridi Dar hii! Nianzie wapi?

Chaki Nyeupe: Wadau, naombeni ushauri. Mimi ni mwalimu wa msingi, miaka 41. Tangu Novemba sauti imekuwa nzito na ya kukwaruza. Nimemaliza dozi mbili za antibayotiki na dawa ya asidi ya tumbo, hakuna nafuu. Nalala mapema lakini naamka nimechoka, na Januari hii wenzangu wakiwasha feni mimi natafuta sweta. Nimesikia unga wa mwani unasaidia koo. Nitumie vijiko vingapi kwa siku?

Mzee wa Ferry: Tangawizi na asali, mwalimu. Na uache kuwafokea watoto wa watu. Mke wangu sauti ilimpotea mwaka mzima, kumbe ni kugombana na mimi.

Binti Shamba: Mwani una madini joto, na madini joto yakipungua tezi ya shingo hulegea, unachoka na kusikia baridi. Kijiko kimoja asubuhi, shoga.

Fundi Maabara: Binti Shamba umegusa tezi yenyewe, ila dawa umeikosea. Dada Chaki, shingo yako imewahi kuvimba au kupasuliwa? Kuna dawa ulikuwa unatumia ukaacha?

Chaki Nyeupe: Nauliza mwani tu.

Fundi Maabara: Na mimi nauliza shingo.

Chaki Nyeupe: Haya. Nilitolewa goita 2022, tezi yote. Nikapewa levothairoksini ya kila siku. Septemba niliacha, na wiki mbili nzima sikusikia tofauti yoyote, kwa hiyo sidhani inahusika. Kumeza kidonge hadi kufa si maisha.

Fundi Maabara: Hizo wiki mbili ndizo zilizokudanganya. Dawa hiyo ni homoni ya tezi yenyewe, na hukaa mwilini: kila wiki inapungua karibu nusu tu. Mwezi ukipita, akiba imekwisha. Homoni ikikosekana mwili hupunguza moto, ndiyo hiyo baridi na uchovu. Na nyuzi za sauti huvuta maji zikavimba. Uzi mnene hutikisika polepole, sauti inashuka na kukwaruza. Antibayotiki haina cha kuua hapo.

Madini joto ni malighafi ya tezi. Wewe huna tezi. Ni kupeleka mahindi kwenye kinu kilichong'olewa.

Kisu Kikali: Wadau, mnachezewa. Akaunti ya juzi, anataja mwani mara mbili, tezi anaificha hadi abanwe. Kesho ataweka namba ya kuuzia unga.

Binti Shamba: Hata mimi nimeanza kushtuka. Nani asahau kwamba alipasuliwa shingo?

Chaki Nyeupe: Sikusahau! Nilijua mtanisema kwa kuacha dawa, na ndicho mnachofanya.

Fundi Maabara: Kisu, awe wa kweli au wa kutunga, kuna msomaji mwenye hali hii. Dada, omba vipimo viwili vya damu: TSH na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi. TSH inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi, kwa hiyo homoni ikikosekana inapanda. Huhitaji kufunga kula. Ila kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini, viache siku mbili kabla, maana kwenye baadhi ya mashine huonyesha TSH ndogo kuliko ilivyo, ukaambiwa u mzima.

Ukianza kusinzia hovyo au kuchanganyikiwa, usisubiri majibu. Nenda hospitali hapo hapo.

Mzee wa Ferry: Kwa nini asirudie tu vidonge vyake? Pesa ya kipimo anywe supu.

Fundi Maabara: Kwa sababu uchovu na baridi vinaweza kuwa upungufu wa damu pia. Na bila namba ya kuanzia, daktari hatajua dozi imetosha au imezidi. Ikizidi, moyo unakwenda mbio na mifupa inaliwa.

Chaki Nyeupe: *(siku nne baadaye)* Majibu: TSH 86, na karatasi inasema mwisho ni 4. T4 iko chini. Nina kilo 64, daktari kaandika mikrogramu 100. Kisu, bado nauza mwani?

Kisu Kikali: Karatasi yoyote inaandikika. Lakini pole.

Fundi Maabara: Dozi inaendana na uzito wako. Meza kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu vimeze baada ya muda wa saa nne kupita. Rudia TSH baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima mapema utakuta bado iko juu, udhani dawa haifanyi kazi. Na koo likaguliwe kwa kamera: mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi. Mshipa huo ungeumia 2022, sauti ingekwaruza tangu siku ile, kwa hiyo siushuku sana, lakini kipimo cha damu hakiwezi kuona uvimbe.

Chaki Nyeupe: Foleni ya kamera ni mwezi ujao. Na kilo mbili za mwani nimeshalipia.

Binti Shamba: Akina mama wa Paje wanatengenezea sabuni. Niletee.

Kisu Kikali: Si nilisema?