Namba mbili alishusha bei nusu, namba moja hakuanguka: uongoze, upinge, ufuate au ushike kona?

Mshika Mizani
Wakuu, tulinganishe kwa mfano mmoja tusije tukaelea. Agosti 2010, Kenya. Zain, iliyokuwa imeshanunuliwa na Bharti ya India na baadaye mwaka huohuo ikawa Airtel, ilishusha dakika ya simu kutoka shilingi 6 hadi 3 kwenda mitandao yote, na meseji ikawa shilingi 1. Safaricom ndiye aliyekuwa kiongozi wa soko. Naye akashusha ndani ya muda mfupi. Miaka ikapita, kiongozi akabaki palepale.

Kampuni ikiwa namba mbili, kumvamia namba moja kwa bei ni mkakati au ni kujichoma? Na wale walio chini zaidi wafanye nini: wafuate nyuma au watafute kona yao ndogo ya soko?

Bwana Tarakimu
Jibu liko kwenye ada ambayo mteja haioni. Simu ikitoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wa anayepiga huulipa mtandao unaopokea. Mwaka huo mdhibiti alikuwa ameishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na ndiyo maana bei ya 3 iliwezekana. Kabla ya hapo ingekuwa hasara kwa kila dakika inayotoka nje.

Sasa piga hesabu. Chukua dakika 100 za wateja wa namba mbili, na tuseme 75 zinaenda kwa kiongozi kwa sababu ndiko ndugu na wateja wao waliko. Hiyo 75 ni ya mfano tu. Mauzo ni shilingi 300. Ada ni 75 × 2.21, yaani 165.75, na inaingia kwenye mfuko wa yuleyule unayempiga vita. Unabaki na 134.25 kabla ya kodi, dizeli ya minara na kamisheni ya vocha.

Geuza upande. Kiongozi naye auze kwa 3, lakini dakika zake nyingi zinaishia ndani kwake. Zikitoka 25 tu, analipa 55.25 na kubaki na 244.75. Bei ni ileile, dakika ni zilezile, na mwenzako amebaki na karibu mara mbili yako.

Utasema simu zinazoingia nazo zinakulipa. Kweli, ila laini ya bei rahisi watu huitumia kupigia, siyo kupigiwa. Mizani inaelemea upande wa kutoa.

Binti Sokoni
Mimi naona mnazunguka. Kiongozi alishinda kwa sababu ana pesa nyingi, basi. Mwenye pesa anaweza kukaa na bei ya chini mpaka mwenzake achoke.

Bwana Tarakimu
Nusu yake ni kweli, dada. Pesa humnunulia muda. Lakini Bharti haikuwa kampuni maskini. Kilichowashikilia wateja ni M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Mtu alinunua laini ya pili ya kupigia simu za shilingi 3, akaiacha ile ya kwanza kwa sababu pesa iko humo na wakala yuko mlangoni. Ukiwa mpinzani, dalili ya ugonjwa huu ni moja: idadi ya laini zako inapanda, lakini mapato kwa kila laini yanashuka na salio halikai. Hapo hujamchukua mteja. Umeazima kidole chake cha kupigia.

Kwa hiyo mpinzani asianzie pale kiongozi alipo na nguvu. Atafute lile ambalo kiongozi hawezi kuliiga bila kujiumiza.

Mpita Njia
Na kiongozi naye asidhaniwe yuko huru kufanya chochote. Kazi yake ya kwanza ni kulikuza soko lenyewe, maana likikua yeye ndiye mwenye fungu kubwa. Ndiyo maana ilikuja M-Shwari mwaka 2012, kuweka akiba na kukopa kupitia simu. Kazi ya pili ni kulinda, na hapo ndipo huchunguzwa. Mawakala wa M-Pesa walikuwa wamefungwa wasihudumie mitandao mingine, lakini 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaagiza wafunguliwe. Ukuta uliojengwa kwa mkataba unaweza kubomolewa kwa barua moja. Uliojengwa kwa mazoea ya wateja hauna wa kuubomoa kwa barua.

Mwanagenzi
Samahani wakuu, nina swali langu. Mimi nafungasha maji ya kunywa Dodoma. Nikiwa mfuasi, maana yake niige chupa na lebo ya yule mkubwa, siyo? Maana rangi ya bluu ndiyo inayouza.

Mshika Mizani
Hapana ndugu yangu, hiyo ni bandia, na Tume ya Ushindani wakikukuta utaona mzigo ukiteketezwa. Mfuasi huiga njia, siyo sura. Anaacha kiongozi afundishe watu kununua, ajue ujazo gani unatoka na duka gani linalipa kwa wakati, kisha anaingia na gharama ndogo kuliko ya kiongozi. Neno ni gharama, siyo bei. Mfuasi mwenye bei ya chini na gharama sawa na kiongozi anakula mtaji wake. Yu, mtandao wa Essar ya India, uliingia Kenya 2008 ukisifika kwa bei nafuu, na 2014 wakauza: wateja wakaenda Airtel, minara na mitambo ikaenda Safaricom.

Binti Sokoni
Basi mwenye kona ndiye salama. Mfano Equitel, mtandao wa simu wa Benki ya Equity.

Bwana Tarakimu
Salama kiasi. Kona yao ilichaguliwa kwa akili: wenye akaunti katika benki yao, na laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini uliyo nayo, kwa hiyo mteja hakulazimika kumwacha kiongozi. Safaricom ilipinga kwa hoja ya usalama, mdhibiti akaruhusu kwa majaribio. Ila wanapita juu ya mtandao wa Airtel. Mwenye kona aliyepanga nyumba ya mtu lazima ausome mkataba wa pango kila mwezi.

Mpita Njia
Halotel ya Tanzania je, 2015? Waliingia kwa nguvu vijijini, kule wakubwa walikosita. Mimi nawaita wenye kona.

Bwana Tarakimu
Mimi nawaita wapinzani waliopitia mlango wa nyuma. Mwenye kona hujenga kinachotosha kona yake. Wao walijenga mtandao wa nchi nzima.

Mpita Njia
Kujenga kwingi hakumfanyi mtu mpinzani kama hamgusi kiongozi mjini. Tuliache hapo.

Mshika Mizani
Mwanagenzi, turudi kwako. Angalia madumu ya lita 18.9 ya maofisini. Malori ya mkubwa yamepangwa kushusha katoni kwa jumla na kurudi matupu. Kukusanya madumu matupu ofisi kwa ofisi kunamvurugia ratiba, kwa hiyo hataharakisha kukufuata. Anza na mitaa michache iliyobanana, gari likisimama mara moja lihudumie ofisi kadhaa. Ukitawanya wateja mji mzima, mafuta yatakula faida yote.

Mwanagenzi
Na madumu yakipotea?

Mshika Mizani
Toza amana inayolingana na bei ya dumu jipya.

Binti Sokoni
Ukitoza amana kamili ofisi nyingi zitakukataa siku ya kwanza. Toza nusu, na umwandikie kila mteja idadi aliyonayo mkononi.

Mshika Mizani
Nusu ukiwa na wateja kumi, sawa. Wakiwa mia, hasara ya madumu itakuwa yako.