Nimeacha karatasi nzima ya maelekezo, dada mpya kaniunguzia terazo ya korido. Mniambie kosa langu liko wapi!

MamaGungu (mleta uzi):

Wana jamvi, wakubwa shikamooni. Leo naandika nikiwa na moto kichwani, mtanisamehe.

Niko Kigoma mjini, huku Gungu. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja jioni, baba watoto yuko safarini nusu ya mwezi. Juzi Jumatatu nimempokea dada wa kazi mpya, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Kasulu, mpole, anasalimia vizuri. Kwa kuwa sina muda wa kukaa naye kutwa, nilimwandikia karatasi nikaibandika mlangoni kwa friji. Naiweka hapa kama ilivyo, msije mkasema nimepunguza:

*"Dada, kazi zifuate namba. 1. Korido na sebule, terazo ING'AE, wageni wanaanzia hapo. 2. Vioo na tivii. 3. Vumbi kwenye makochi na feni. 4. Vyumba. 5. Kufua. 6. Vyombo na sinki. 7. Choo na bafu. USITUMIE jiki kwenye terazo. USITUMIE stiliwaya kwenye kikaango cheusi. USITUMIE spiriti kwenye tivii. Dawa ziko chini ya sinki. Usinipigie kazini bila sababu."*

Kuna maandishi gani hapo yasiyosomeka? Jumatano narudi, nakuta korido katikati kuna mabaka meupe kama mtu kamwaga unga halafu akaufuta vibaya. Napitisha kiganja, panakwaruza. Terazo ya baba mkwe hiyo, imesagwa mwaka 1994, haijawahi kuguswa. Binti mwenyewe amekaa kibarazani anakohoa, macho mekundu. Namuuliza umetumia nini, ananionyesha chupa ya maji ya lita moja na nusu. Dawa ya choo! Ile ya kupima, nanunua kwa muuzaji wa mtaani. Anasema, "Mama, uliandika nisitumie jiki, hii siyo jiki."

Nimemwambia afungashe. Fundi kaja kaangalia, kataja hela ambayo ni zaidi ya mshahara wa binti wa miezi mitatu. Nataka kumkata. Nani mwenye makosa hapa?

KijanaWaBangwe:

Pole sana mama. Hiyo ni jiki tu, usidanganyike na maneno ya huyo binti. Jiki inaunguza kila kitu, hata kanga. Dawa yake ni limau. Kamua malimau kumi, mwaga juu ya mabaka, acha usiku kucha, asubuhi sugua. Bibi yangu alikuwa anang'arisha sufuria hivyo.

FundiSakafu:

Mama, kabla hujanunua hayo malimau SIMAMA. Huyo kijana yuko sahihi kuhusu sufuria tu.

Terazo ni saruji na vipande vya mawe, na yale mawe meupe kwa kawaida ni marumaru. Vyote viwili vina chokaa, na chokaa na tindikali havikai pamoja. Dawa ya choo ya kupima inayonuka kali hadi puani huwa ni tindikali. Ukiimwaga kwenye terazo unasikia inachemka, inatoa vipovu, basi hapo inakula jiwe lenyewe. Limau na siki ni tindikali pia, dhaifu tu. Ukilaza malimau kumi usiku kucha unaendeleza alichoanza binti.

Jiki nayo si nzuri kwa terazo. Ukiizoesha kila wiki inaua mng'ao polepole, lakini haichimbi mabaka ya kukwaruza kwa siku moja.

Fanya hivi ujue. Lowesha baka kwa maji safi. Likipotea likiwa bichi halafu likarudi likikauka, hilo si doa, ni jiwe limeliwa juu. Doa la kweli huonekana hata sakafu ikiwa na maji. Na ukitaka kujua sakafu yoyote ndani ya nyumba kama ina chokaa, chukua tone moja la limau, tone tu, weka pembeni chini ya kabati, angalia kwa karibu kisha ufute haraka na maji. Ikitoa vipovu, dawa ya choo isipite hapo maisha. Vigae vya kawaida vya kung'aa havitoi, ila ile saruji ya kwenye maungio yake inatoa.

MamaGungu:

Nimelowesha. Yamepotea. Sasa yanarudi yakikauka, naangalia hapa kwa macho yangu. Kwa hiyo siyo jiki. Lakini bado, dawa ya CHOO mtu anaipelekaje sebuleni?

DadaWaGesti:

Mama, naomba nikujibu bila kukuvunjia heshima, maana nimekuwa dada wa kazi miaka minne, na sasa hivi ni msimamizi wa usafi kwenye gesti.

Hiyo chupa ilikuwa na jina? Umesema ni chupa ya maji. Na jiki yako je, iko kwenye kopo lake au nayo umeihamishia kwenye chupa ya maji ukanunua ya jumla? Binti wa siku tatu anafungua kabati chini ya sinki anakuta chupa mbili hazina maandishi. Karatasi inamwambia terazo ING'AE, kwa herufi kubwa, tena namba moja. Inamwambia jiki hapana. Iliyobaki ni ipi? Umemkataza jina, hukumwonyesha kitu. Kwao wanasugua masufuria kwa jivu na mchanga, yanang'aa kuliko yako na yangu. Hajawahi kuona tindikali.

La pili, na hili ndilo linanitisha zaidi. Anakohoa na macho mekundu kwa nini? Kazi ya terazo peke yake sidhani kama ingemfikisha hapo. Muulize kama alimalizia chooni akamwaga chupa zote mbili.

MamaGungu:

Nimemuuliza. Anasema alimwaga ile ya terazo chooni, akaona choo bado hakijawa cheupe, akaongeza ile ya harufu ya kufulia. Mlango alikuwa ameufunga ili harufu isifike vyumbani. Anasema kifua kilibana kama kuna mtu kakikalia, akatoka anatambaa.

Sikujua. Mungu wangu.

DadaWaGesti:

Jiki ikikutana na tindikali inatoa hewa ya klorini. Choo kilichofungwa hakihitaji nyingi. Kwenye gesti yetu tumeshamtoa mtu hivyo. Mtu akifikwa, anatoka nje kwanza, mlango na dirisha vinaachwa wazi, harudi kumalizia wala kumwagia kitu kingine juu yake. Macho yanaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka. Na kama leo bado anakohoa au anapumua kwa shida mpeleke hospitali, usingoje, kwa sababu mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye wakati mtu anadhani amepona. Mwambie daktari alichanganya nini.

Hata jiki na mkojo uliolala kwenye poti la mtoto usivichanganye. Mwaga, suuza, ndipo utie jiki.

Kuhusu mpangilio wako wa namba, mimi ningeupindua. Umeanza na sakafu, ukafuata na vumbi la feni. Kiangazi cha Gungu na lile vumbi jekundu, feni ikifutwa korido inaanza upya, binti anadeki mara mbili, anachoka, ndipo anatafuta dawa kali imrahisishie. Na kilichowekwa mwisho ndicho kinacholaza watoto: kitambaa cha jikoni, ubao wa kukatia, sinki, choo. Mgeni akikuta korido haijang'aa atasema. Mtoto akila kwenye ubao wa jana wa dagaa, unajua mwenyewe.

Na jiki haifanyi kazi juu ya uchafu. Sabuni kwanza, suuza, ndipo jiki kwa kipimo cha kwenye kopo, maji ya baridi siyo moto, iache kama dakika kumi. Wengi tunamwaga juu ya mafuta halafu tunalalamika feki.

BintiUjiji:

Samahani dada, nafasi bado ipo? Nina mdogo wangu yuko nyumbani tu, anajua kupika. Mshahara ni ngapi na analala hapo hapo?

MzeeWaMwandiga:

Hayo ya terazo siyajui, kwangu ni saruji ya kawaida. Ila mimi kanzu yangu ya Idi ilimwagikiwa mawese, mke wangu akaitia jiki, ikabaki na duara la manjano, nguo ikalegea. Nikaambiwa ni mawese feki.

DadaWaGesti:

Mzee shikamoo. Mawese ni mafuta kwanza, rangi baadaye. Tia sabuni ya vyombo juu ya doa nguo ikiwa kavu, sugua kwa vidole, maji ya uvuguvugu kwa sababu ya baridi yanayagandisha. Rudia mpaka utelezi uishe. Rangi inayobaki anika juani ikiwa mbichi, siku moja au mbili za jua kali zinaifuta. Mke wako aliruka hatua ya mafuta.

MwanasheriaWaMtaani:

Mama, kabla hujamkata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukata kwa ajili ya hasara, lakini mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kumwambia "fungasha" halafu umzuilie mshahara wote si halali.

KijanaWaBangwe:

Sasa huyo binti analipa nini kama kila mtu anamtetea? Mimi bado nasema angeuliza.

MamaGungu:

Hilo la kuuliza ndilo lilinipeleka kwenye simu yangu. Jumatano saa nne asubuhi kuna simu tatu ambazo sikupokea, namba yake. Nilikuwa kwenye kikao, na karatasi yangu inasema asinipigie.

Tumetoka hospitali sasa hivi. Wamemsikiliza kifua, wamesema tumrudishe kikibana tena usiku. Hajafungasha. Za kumkata nimeziacha.

FundiSakafu:

Vizuri. Mabaka sasa. Kuna mafundi watakwambia wasage hapo tu penye alama. Mimi siwezi, maana patang'aa kuliko pengine na patakuwa na kibonde kidogo. Nasaga korido yote, jiwe kali kwanza, kisha laini, kisha kung'arisha.

FundiWaKatubuka:

Mkuu, mbona unamtia mama gharama? Kama haijaliwa ndani, jiwe laini pekee linatosha, na unafifisha kingo pole pole. Nimefanya Mwanga nyumba mbili, huoni tofauti.

FundiSakafu:

Picha ya mchana au ya usiku na taa?

MamaGungu:

Mtaelewana wenyewe, mje wote wawili Jumamosi mwone.

Karatasi nimeitoa friji. Chupa ya tindikali nimeipeleka stoo na kufuli. Jiki imerudi kwenye kopo lake. Tumekaa wote wawili jikoni, nikamwonyesha kimoja kimoja, akanusa kwa mbali, akaandika majina kwa mkono wake kwenye plasta tukabandika. Terazo: maji na sabuni ya maji kidogo, basi, na dekio lililokamuliwa. Namba moja sasa ni jikoni.

Tulipomaliza akaniuliza, "Mama, na ile ya kijani iliyo nyuma ya ndoo, bafuni, ni ya nini?"

Sijui. Ngoja nikaione.