Tupeane uzoefu: swali la tanjenti na sekanti, watu wanapotelea wapi?

Mwl. Veyula
Mbukwenyi wakuu. Nimetoka kusahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha tatu na kuna swali moja limeangusha darasa karibu lote. Wanaofundisha, waliosoma na wanaotumia hesabu hizi kazini, njooni tupeane uzoefu.

Swali lenyewe: Nukta P iko nje ya duara. PT ni tanjenti, inagusa duara kwenye T, urefu wake sentimita 6. Kutoka P hiyohiyo inapita sekanti, yaani mstari unaokata duara kwanza kwenye A, kisha unatokea upande wa pili kwenye B. AB ni sentimita 5. Tafuta PA.

Jibu lililojaa kwenye karatasi ni 7.2.

Zabibu Kavu
7.2 hiyo naijua ilikotoka. Wamechukua 36 wakagawa kwa 5. Mtoto anakumbuka kwamba kipeo cha pili cha tanjenti ni sawa na kuzidisha vipande vya ule mstari mwingine, basi anashika vipande viwili anavyoviona kwenye mchoro, cha nje na cha ndani. Kanuni haisemi hivyo. Inasema PT² = PA × PB, na PB inaanzia P mpaka B, mstari mzima, cha nje pamoja na cha ndani. Vipimo vyote vinaanzia P. Ukishika hilo tu, umepona.

Binti Kondoa
Hapo kwenye "vipimo vyote vinaanzia P" napigia mstari.

Mtoto wa Area C
Samahani mwalimu, mbona mimi napata 7.2 bila kukosea kanuni? Sekanti ni 5, PA × 5 = 36, PA ni 7.2. Imekwisha.

Zabibu Kavu
Mdogo wangu, soma tena swali. 5 ni AB, sehemu iliyo ndani ya duara, si PB. Na hata tukifuata usomaji wako, umesema mstari mzima una urefu wa 5, halafu kipande chake cha mwanzo kina 7.2. Kipande kimezidi mstari kilimokatwa?

Mtoto wa Area C
Daah. Nimeona.

Mwl. Veyula
Sasa niwape kitu ambacho kingewaokoa hata wasiokumbuka kanuni vizuri. Jibu la 7.2 linajifichua lenyewe. Ukisimama P, tanjenti ni 6. Kipande cha nje cha mstari wowote unaoingia kwenye duara lazima kiwe kifupi kuliko tanjenti, na mstari mzima mpaka B lazima uwe mrefu kuliko tanjenti. PT siku zote inakaa katikati ya PA na PB. Ukiona PA ni 7.2 na tanjenti ni 6, futa, rudi nyuma.

Njia sahihi: PA iite x. PB ni x + 5. Kwa hiyo x(x + 5) = 36, yaani x² + 5x − 36 = 0. Namba mbili zinazozidishwa zikatoa −36 na kujumlishwa zikatoa 5 ni 9 na −4. Inakuwa (x + 9)(x − 4) = 0. x ni 4 au −9. Urefu hauwezi kuwa hasi, tunabaki na 4. Hakiki: 4 × 9 = 36.

Kundi la pili la waliokosa lilifika mpaka kwenye mlinganyo, kisha wakaandika majibu yote mawili, 4 na −9, wakaacha. Alama moja imeanguka hapo.

Hesabu Hazidanganyi
Wakati mnaitupa hiyo −9, itazameni kwanza. Ondoa alama ya hasi, ni 9, na PB ni 9. Si bahati. Mlinganyo wa aina hii kila mara unakupa PA upande mmoja na PB yenye alama ya hasi upande wa pili. Kwa hiyo jibu unalolikataa ndilo la kuhakikia: toa 4 kwenye 9, ukipata AB ya swali, uko salama.

Binti Kondoa
Hii sijawahi kufundishwa! Asante mkuu.

Mwl. Veyula
Ni kweli kabisa, ila mimi nisingewapa wanafunzi wa kawaida. Watakuja kuandika PA = −9 "kwa sababu tumeambiwa ina maana".

Hesabu Hazidanganyi
Basi wape wale wa mbele.

Mzee wa Bahi
Mnasahau jambo la msingi. Hiyo kanuni inafanya kazi pale tu sekanti inapopita kwenye kitovu cha duara. Isipopita kitovuni, hakuna kitu. Ndiyo maana sisi tulitumia Paithagorasi na mambo yakaisha.

Zabibu Kavu
Shikamoo mzee. Nusu nakubaliana nawe, nusu hapana. Paithagorasi ndiyo inayodai kitovu, kwa sababu pembe mraba ipo kati ya tanjenti na nusukipenyo kwenye T. Kanuni yetu haidai. Kutoka P hiyohiyo yenye tanjenti ya 6, chora mstari mwingine uliokaa pembeni, uingie duara kwenye 4.5. Utatokea kwenye 8. 4.5 × 8 = 36. Uinamishe zaidi, uingie kwenye 5, utatokea kwenye 7.2. Bado 36. Endelea kuuinamisha mpaka pa kuingilia na pa kutokea pakutane: 6 × 6. Hiyo ndiyo tanjenti yenyewe.

Sababu iko kwenye pembetatu. Unganisha T na A, T na B. Pembe kati ya tanjenti na TA ni sawa na pembe ya pale B, na pembe ya pale P ni ya pembetatu zote mbili, PTA na PBT. Basi zinafanana, ndogo na kubwa. PT kwa PA ni sawa na PB kwa PT. Kitovu hakijatajwa popote.

Mzee wa Bahi
Marahaba. Lakini ikipita kitovuni Paithagorasi inatosha, huo ni ukweli.

Zabibu Kavu
Inatosha, mzee. Duara letu kipenyo kikiwa 5, nusukipenyo 2.5, kutoka P mpaka kitovuni 6.5. 6.25 + 36 = 42.25, na kipeuo chake ni 6.5. Zinakubaliana.

Fundi Nkuhungu
Wakuu, samahani nawakatisha. Mimi si mwalimu, ila hiki mnachojadili kimenikuta kazini leo hii. Kuna tangi la zege la mviringo, la zamani, mgongo wake umeshikana na ukuta wa uzio. Juu limefunikwa slabu, ndani halina nafasi ya kuingia. Mwenye nyumba anataka kujua linabeba lita ngapi kabla hajaagiza maji. Futi haizunguki. Naweza kusimama mbele yake nikapata kipenyo kwa hii hesabu yenu?

Binti Kondoa
Uzi umetekwa nyara 😂

Hesabu Hazidanganyi
Unaweza kabisa, fundi, na hapa ndipo hesabu hii inapotamu. Chomeka kigingi P mbele ya tangi. Pima kutoka P mpaka ukutani mwa tangi kwa njia fupi kuliko zote. Hapo ni lazima mstari uelekee kitovuni, maana unatafuta kipenyo, si kipande chochote cha ndani (mzee wa Bahi hapa amepata haki yake). Kuipata njia fupi, shika futi pale P, upande wa pili uusogeze kushoto na kulia ukutani, soma namba ndogo kabisa. Tuseme ni mita 4. Kisha tanjenti, tuseme ni mita 6. 36 ÷ 4 = 9, toa 4, kipenyo ni mita 5.

Shida yako itakuwa kuipata T. Uzi ukivutwa kutoka P ukapita ubavuni mwa tangi, unaonekana umegusa kipande kizima, si nukta. Chukua karatasi nyembamba, ipitishe kati ya uzi na ukuta kutoka mbele mpaka inase, weka alama. Ipitishe kutoka nyuma mpaka inase, weka alama. T ni katikati ya alama hizo mbili.

Fundi Nkuhungu
Nikikosea sentimita 10 itaathiri sana? Eneo lina mawe.

Hesabu Hazidanganyi
Itaathiri. Badala ya 6 ukisoma 6.1, unapata 37.21 ÷ 4 = 9.30, kipenyo kinakuwa 5.30. Sentimita 10 zimezaa 30. Ukikosea ile 4 ni hivyohivyo na zaidi kidogo. Na kumbuka kipenyo ulichopata ni cha nje. Kama ukuta na plasta ni sentimita 15, toa 30, ndani ni mita 4.70. Kina cha maji kikiwa mita 2, hizo ni kama lita 34,700. Ukitumia 5 bila kutoa ukuta unapata lita 39,270. Tofauti ni zaidi ya lita 4,500.

Mzee wa Bahi
Fundi, gonga tangi, sikiliza, kadiria. Mambo mengi.

Zabibu Kavu
Mimi ningemwambia asogee mbali zaidi, kosa linapungua.

Hesabu Hazidanganyi
Linapungua kidogo tu, na futi ndefu inalegea katikati. Bora abaki karibu apime vizuri. Pima tanjenti pande zote mbili, kulia na kushoto. Kutoka P moja lazima zilingane.

Zabibu Kavu
Akiwa na msaidizi wa kuvuta futi haitalegea. Bado nasimamia neno langu.

Fundi Nkuhungu
Nimerudi. Njia fupi ni mita 4 kamili. Tanjenti ya kulia 6.00. Ya kushoto 6.14. Nimerudia, ni hivyohivyo.

Mwl. Veyula
Kushoto ardhi imeinama? Futi inatakiwa ikae sawa na pima maji, usawa uleule wa kulia.

Fundi Nkuhungu
Imeinama, lakini si kiasi cha sentimita 14.

Zabibu Kavu
Basi tangi lenyewe si duara. Mafundi wa zamani na mbao za kupinda...

Hesabu Hazidanganyi
Usihukumu tangi bado. Plasta ya kushoto ikiwa imevimba, uzi unagusia pale kwenye uvimbe na T inahama. Fundi, weka ubao ulionyooka pale palipogusa uzi, tazama kama unacheza. Na uhamishe P mita moja pembeni, upime upya zote tatu.

Mzee wa Bahi
Nilisema agonge.