Mrejesho: Ombi moja kwa kila tangazo

Swali langu lilikuwa: "Niko Mombasa, nanukuu sauti za Kiswahili. Natuma ombi lile lile kwa kila tangazo la kazi kwenye tovuti ya Upwork na sijibiwi. Kwa nini?"

Asanteni, hasa dada wa Likoni aliyeniambia nitazame upande wa mteja. Akifungua orodha ya waombaji, mteja huona kwanza mistari michache ya mwanzo ya kila ombi. "Mimi ni mchapakazi mwenye uzoefu" wameandika wengi, basi anapita. Wengine hutega: mwishoni mwa tangazo wanataka uanze na neno fulani, na aliyenakili hujulikana papo hapo.

Tangazo lililozaa matunda lilihusu mahojiano ya wavuvi wanaodakizana. Dakika tatu nililisoma hadi mwisho nikitafuta kinachomsumbua mwenyewe. Tano nikaandika: "Wavuvi wakisema kwa pamoja, kila mmoja nitampa mstari wake, na pasiposikika nitaweka alama ya muda. Je, wanazungumza Kimvita au Kiswahili sanifu?" Chini yake sampuli moja tu, ya mahojiano ya watu wengi. Dakika mbili za mwisho ni za kukagua jina, bei na huo mtego.

Mteja alilijibu swali la lahaja kwanza, kisha kazi akanipa. Aya ya ujuzi bado naibandika, ila sasa inakaa chini. Na tangazo la "nahitaji mnukuzi" basi, bila maelezo, siliharibii Connects zangu, yaani tokeni za kuombea kazi Upwork. Hakuna pa kushika.